Kutafuta Stadi Dhaifu ya Kila Mwanafunzi kabla ya Masomo ya Mtihani: Mfano wa Kiswahili Sanifu

Mwalimu wa Kiswahili sanifu hapa kwetu ana darasa ambalo mwenzake wa Paris au wa Tokyo hana. Wanafunzi wake tayari wanasema Kiswahili, cha Lubumbashi, cha Bukavu au cha Kisangani, na wengi wamekisema tangu utotoni. Lakini mtihani unawapima kwa Kiswahili kingine, kilicho karibu sana na chao. Ukaribu huo ndio unaovuruga jaribio la utambuzi, yaani lile jaribio fupi ambalo mwalimu hulitoa kabla ya masomo ya maandalizi ili ajue kila mmoja amekwama wapi. Mwanafunzi akipata alama 4 juu ya 12 katika ufahamu, je, hakuelewa alichosoma? Au alielewa vizuri, akajibu kwa lugha ya nyumbani, na mwalimu akamkata alama kwa sababu ya sarufi?

Swali hili lapaswa kujibiwa wakati wa kutunga jaribio, maana ukiwa umeshasahihisha karatasi umechelewa. Kanuni ni kwamba kila sehemu ipime stadi moja, na stadi nyingine zisiruhusiwe kuingia kwa mlango wa nyuma. Katika kusoma, mwanafunzi asitakiwe kuandika sentensi. Achague herufi, au ajibu kwa neno moja, hata kwa Kifaransa. Katika kusikiliza, asitakiwe kusoma maswali marefu, kwa kuwa msomaji wa polepole ataonekana hasikii. Maswali yasomwe kwa sauti pamoja na habari yenyewe. Habari hiyo irekodiwe kwenye simu na msemaji mmoja, ichezwe mara mbili kwa wote, ili waliokaa benchi la mbele na wale wa nyuma, na kikundi cha asubuhi na cha mchana, wapate sauti ileile kwa kasi ileile.

Kuna mtego mmoja ninaoukuta mara nyingi katika majaribio yanayotungwa na wenzetu walioko kwenye staji. Chukua sentensi hii: «Mama aliuza mihogo sokoni, kisha akanunua chumvi.» Swali: Mama alirudi nyumbani na nini? Majibu ya kuchagua ni manne: chumvi, mihogo, mihogo na chumvi, hakurudi na kitu. Kwa wengi wa Lubumbashi, kuuza ni kutoa pesa ili upate kitu, na anayepokea pesa ndiye anayeuzisha. Mwanafunzi huyo atachagua «mihogo na chumvi», tena kwa uhakika kabisa, kwa kuwa amesoma sentensi yote na kuiunganisha ipasavyo. Anachokosa ni maana sanifu ya neno moja. Swali hilo ni zuri, mradi jibu lile la tatu liwekwe kwa makusudi na mwalimu aandike pembeni: «atakayechagua hili, tatizo lake ni msamiati». Lakini likirudiwa katika maswali matatu ya habari moja ya soko, neno moja linamnyang'anya mwanafunzi alama tatu, naye anapelekwa kwenye kikundi cha wasiojua kusoma.

Linganisha na swali la pili. «Mvuvi aliyepewa wavu na mzee alimshukuru siku ya soko.» Nani alitoa wavu? Majibu: mvuvi, mzee, mchuuzi wa sokoni, haikusemwa. Anayejibu «mvuvi» ameshika jina la kwanza na kitenzi cha kwanza, akaruka kile kiambishi -ye- na kauli ya kutendwa. Nyumbani angesema «mutu mwenye…», na urejeshi ungemjia kama neno zima, si kama silabi iliyofichwa ndani ya kitenzi. Hapo kweli ni kusoma kunakohitaji kazi. Anayejibu «mchuuzi» amekisia kutokana na neno soko. Maswali yote mawili yakikosewa hutoa sifuri ileile kwenye jumla, ila dawa zake hazifanani hata kidogo. Ndiyo sababu majibu yasiyo sahihi yanastahili kutungwa kwa uangalifu uleule wa jibu lililo sahihi, na karatasi ya mwalimu ihifadhi herufi iliyochaguliwa, si alama ya pata au kosa tu.

Kuhusu idadi ya maswali. Ikiwa kila swali lina majibu manne na sehemu ina maswali 6, mwanafunzi anayekisia kila kitu ana nafasi kama 17 katika 100 ya kupata nusu au zaidi. Maswali yakiwa 12, nafasi hiyo inashuka hadi kama 5 katika 100. Chini ya 12 sioni faida ya kuweka sehemu peke yake; afadhali kuacha stadi moja kuliko kuwa na stadi nne zenye maswali matano matano.

Uandishi hauna majibu ya kuchagua, na hapo walimu wengi hutoa alama kwa hisia. Njia iliyo imara zaidi ni kutenganisha ujumbe na upatanisho. Mwanafunzi aandike nusu ukurasa. Mwalimu asome mara ya kwanza akiuliza tu kama habari imefika. Mara ya pili ahesabu nafasi 12 za kwanza ambapo nomino inadai upatanisho wa ngeli, aone ni ngapi ziko sawa kwa kipimo cha sanifu. Anayeandika «kitabu yangu ilianguka» ana nafasi mbili, zote hazikupatanishwa kisanifu, ingawa katika Kiswahili cha nyumbani sentensi hiyo haina kasoro. Angalizo moja: mwanafunzi mjanja huandika habari za watu tu, baba, mama na mwalimu, akakwepa ngeli zote ngumu na kupata 12 juu ya 12. Kwa hiyo mada itoe nomino za lazima, kwa mfano kisu, mkeka, maji, ukuta, majani, kila moja itumike angalau mara mbili pamoja na sifa au kitenzi.

Kuzungumza ninakupitia haraka. Dakika tatu kwa kila mtu katika darasa la wanafunzi 24 ni saa moja na dakika 12. Kwa wanafunzi 80 ni saa nne. Kama mtihani unaokuja hauna sehemu ya mdomo, iachwe.

Sasa tuseme jaribio limefanyika katika darasa la watu 24, sehemu tatu za alama 12, na wastani wa darasa ni 9 katika kusikiliza, 7 katika kusoma na 4 katika upatanisho. Tarakimu hizi ni za mfano, ili hesabu ionekane. Jambo la kwanza ni kutambua kwamba wastani wa 9 na wa 4 hauwezi kulinganishwa moja kwa moja. Huenda wanasikia vizuri kwa kuwa Kiswahili wanakisikia kila siku, au huenda habari ya kusikiliza ilikuwa rahisi mno. Kwa hiyo kila mwanafunzi atazamwe mara mbili: alama yake yenyewe, na umbali wake kutoka wastani wa darasa.

Mwanafunzi A ana 8, 7 na 3. Alama yake ya chini ni ya upatanisho, lakini yuko karibu sana na wastani katika kila sehemu. Udhaifu wake ni wa darasa zima, na kazi yake ni somo la wote ubaoni; kumwekea kikundi maalumu ni kupoteza muda. Mwanafunzi D ana 5, 7 na 5. Ukitazama alama tupu, kusikiliza na kuandika vinalingana. Ukitazama umbali, katika kuandika yuko juu ya darasa kwa 1, katika kusikiliza yuko chini kwa 4. Huyu anahitaji kusikiliza, na hakuna atakayemwona kama mwalimu anaangalia jumla ya 17 peke yake.

Mwanafunzi B ana 6, 4 na 2: chini ya wastani kwa 3, 3 na 2. Hapa kishawishi ni kutangaza kwamba stadi dhaifu ni kuandika. Lakini umbali huo unatofautiana kwa alama 1 tu, na katika sehemu ya maswali 12 bahati peke yake huweza kusogeza alama kwa 1 au 2 bila mwanafunzi kubadilika. Mimi huchukua kwamba tofauti iliyo chini ya 3 haijasema kitu. B yuko nyuma kila mahali, naye arudishwe kwenye msingi.

Mwanafunzi C ndiye anayefundisha zaidi: 10, 3 na 6. Anayesikia na kuandika hivyo, imekuwaje asome vibaya kiasi hicho? Kabla ya kumpa mazoezi ya ufahamu, tazama karatasi yake. Kama amejibu maswali matano ya kwanza, akapata matatu, na yaliyobaki ni meupe, tatizo ni kasi. Ndiyo maana msimamizi, dakika tano kabla ya mwisho, huwaambia wote wachore mstari pale walipofika, kisha waendelee. Mstari huo mmoja hutenganisha asiyeelewa na asiyemaliza. Asiyemaliza apewe habari fupi za kusoma kwa saa mkononi, siyo masomo ya urejeshi.

Yapo mambo ambayo karatasi haitayasema kamwe. Aliyeandika «kitabu yangu», je, hajui kanuni, au anaijua na mkono umekwenda kwa mazoea? Mrudishie sentensi zake tano, siku inayofuata, umwambie: tafuta kisichopatana. Akizisahihisha nne, kanuni anayo. Anachohitaji ni desturi ya kupitia kazi yake kabla ya kuikabidhi. Akiziona zote ni sawa, ngeli zifundishwe. Dakika tano za kazi hii kwa wale walioanguka sana katika upatanisho zina thamani kuliko kuongeza maswali 20 kwenye jaribio.

Alama za jaribio hili zisiingie kwenye daftari la pointi, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema. Zikiingia, watanakiliana, na mwalimu atapata picha ya benchi badala ya picha ya mtu. Hata bila pointi, majirani wa benchi moja wapewe mpangilio tofauti wa maswali yaleyale.

Baada ya wiki nne za vikundi, D apewe sehemu ya kusikiliza peke yake, na C sehemu ya kusoma peke yake, zenye habari mpya na maswali 12 ya aina zilezile. C achore tena mstari wake. Ukisogea kutoka swali la tano hadi la kumi, na uwiano wa majibu sahihi ukabaki palepale, kasi imepatikana na kikundi chake kinaweza kuvunjwa; uwiano ukishuka, anakimbia bila kusoma, na saa iwekwe kando kwa muda.