Ile Nusu ya Bangili

Bibi wa Samburu, barua yako imenifikia pamoja na ile nyingine, kurasa nne za kalamu ya bluu ulizomwandikia mjukuu wako anayeolewa Diani mwezi wa kumi na mbili. Unaniuliza umpe au uichane. Usiichane. Ila ukubali nikuambie palipo na kasoro, maana nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilicheka mahali ambapo wewe hukukusudia kuchekesha.

Nawaeleza wasomaji kwa ufupi. Bibi huyu ni mzaliwa wa Msambweni, akaolewa 1971 akapelekwa Samburu, hii yetu ya kando ya barabara ya Mombasa, si ile ya Maralal. Katika mahari yake palikuwa na bangili ya dhahabu ya tola mbili, yaani gramu 23 na kitu. Mwaka 1984, ule wa ukame na mahindi ya njano, mumewe alikuwa kazini Ramisi na nyumbani hakuna unga. Bibi akapanda basi hadi Mombasa, akaingia kwa sonara Mji wa Kale, bangili ikakatwa. Nusu ikauzwa, nusu ikayeyushwa ikafuliwa bangili nyembamba ya umbo lilelile. Hakumwambia mume. Hajamwambia mtu mpaka leo. Sasa mjukuu anaitaka hiyo "bangili ya harusi ya Bibi", na Bibi anajiona mwizi na mwongo.

Tuanze na wizi. Bibi, huwezi kuiba kilicho chako. Mahari ni mali ya mke, si ya mume, wala si ya baba aliyekuozesha. Katika Surat An-Nisaa aya ya nne wanaume wameamrishwa kuwapa wake mahari yao. Marehemu mumeo alipokukabidhi ile bangili, umiliki wake uliishia hapo. Ungeweza kuiuza yote, kuigawa, au kuitia mtungini, na asingekuwa na dai. Kumshauri mume ni adabu ya nyumba, na hapo ulikosea kidogo. Lakini adabu na wizi ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu uongo, nakiri hapo ndipo nilipocheka. Unasema aliporudi akauliza mbona bangili imekuwa nyembamba, ukamjibu mkono wako umenenepa. Bibi! Mkono ukinenepa bangili hubana, haikondi. Mimi naamini mzee yule alijua siku hiyohiyo, akatazama watoto wameshiba, akanyamaza. Sina ushahidi, lakini mtu wa kazi ya mikono hadanganyiki kirahisi hivyo.

Sasa hofu yako kubwa, kwamba unampa bangili "ya bandia". Dhahabu aliyoyeyusha sonara ni ileile uliyovishwa 1971. Kilichobadilika ni uzito, na pengine usafi. Sonara akifua upya hupoteza chembe kidogo kwenye moto na tupa, na kwenye kiungo hutia risasi ya dhahabu yenye madini mengine ndani yake ili iyeyuke kabla ya bangili yenyewe. Igeuze uitazame kwa ndani kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba wenye rangi iliyofifia kidogo kuliko kwingine, hapo ndipo ilipounganishwa. Usishangae pia kukosa muhuri. Bangili za dukani huwa na 916 kwa karati 22, au 750 kwa karati 18, lakini iliyofuliwa na fundi kwa mkono mara nyingi haina namba yoyote. Kukosa namba si dalili ya bandia. Na ile sumaku anayotaka kukuletea jirani yako haitakusaidia, kwa sababu shaba nayo haishikwi na sumaku.

Kwa nini basi nakusisitiza uipime kabla ya kuitoa? Kwa sababu umemwandikia mjukuu "tola mbili". Siku moja, katika shida au katika kujisifu tu, atapitia kwa sonara. Mizani itasoma gramu 11 au pungufu, na atadhani kuna mtu amemdhulumu: wewe, mama yake, au, mbaya zaidi, mumewe aliyekuwa akiitunza. Ndoa changa haistahili mzigo huo. Mwombe bintiye jirani akusindikize, uipeleke kwa sonara mnayemwamini, isitoke machoni pako. Ataisugua juu ya jiwe lake jeusi, atatia tone la tindikali kwenye alama iliyobaki, aone inafutika au inakaa, kisha ataiweka kwenye mizani. Akuandikie gramu na karati. Karatasi hiyo uitie ndani ya barua.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini nimeliona likichungulia ukurasa wa tatu, pale uliposema bangili "utapewa nikishaondoka". Hapana, Bibi. Mjukuu huyu ni binti wa binti yako, naye hayumo katika warithi wa mafungu. Ukiiacha mpaka siku hiyo bila wasia, itaingia kwenye mirathi pamoja na kuku na kabati, na mwanao wa kiume, ambaye umeniambia tayari ameanza kuita bangili "kitu cha ukoo", atakuwa na haki ya kudai fungu lake. Wasia ungewezekana, usizidi theluthi ya mali, lakini kwa nini ujipe kazi? Mpe sasa, kwa hiba. Na hiba haikamiliki kwa maneno. Hukamilika kitu kinapokabidhiwa. Mvishe kwa mkono wako mbele ya mama yake na huyo mjomba mtu. Akinuna, wazee wa Kiduruma hapo kwenu watamkumbusha kwamba upande wa mama, ukuche, nao una urithi wake tangu zamani.

Nirudi kwenye barua yenyewe. Kurasa tatu unamsifu marehemu: mpole, msafi, hodari wa jembe. Vizuri, ila mjukuu ameshazisikia. Habari ya kukatwa kwa bangili umeibana mstari mmoja mwishoni: "ilipungua kwa sababu ya shida za wakati ule." Hapo ndipo penye barua, Bibi, na umepapita mbio kama mtu apitaye makaburini usiku.

Hata hesabu yake ni tamu. Bangili iliponunuliwa, wakia moja ya dhahabu duniani ilikuwa kama dola 40. Ulipoingia kwa sonara ilikuwa imefika kama dola 360, na shilingi yetu yenyewe ilikuwa imepungua thamani karibu nusu. Ile tola moja uliyoiuza, hata sonara alipokata faida yake, ilikuwa na thamani ya shilingi nyingi kuliko bangili nzima siku ya harusi. Hukutapanya mali, ulikwenda benki.

Kwa hiyo iandike upya. Sifa za babu zitoshe nusu ukurasa. Taja mwaka, basi, sonara, ule msumeno mdogo uliokata bangili, na jibu lako la mkono ulionenepa; mjukuu wako, mke mwenzako huyo, atacheka kuliko mimi. Na kuna mahali umeandika tu, "nikanunua chakula". Chakula gani? Magunia mangapi, madebe mangapi, nani alikubebea kutoka barabarani? Umeniambia mama wa bibi harusi alikuwa na miaka minne mwaka ule. Alikula nini usiku huo?