Dola kumi kwa mtaa mmoja: maneno na duara la posti ya kulipia

Wengi wetu tunaosimamia kurasa za Facebook za jamaa zetu, duka la mjomba au saluni ya shangazi, tumeshakutana na kitufe cha `Boost post`. Unalipa, na posti inapelekwa kwa watu ambao hawaufuati ukurasa. Swali ninalotaka tulitazame ni dogo: mwenye dola 10 tu, ambaye wateja wake wanatoka mtaa mmoja, azitumieje?

Nitaeleza kwa kazi niliyoifanya mwezi Agosti hapa Kigali, kwa mama mmoja fundi cherehani mwenye kibanda Nyamirambo, jirani na uwanja wa Pelé. Anashona sare za shule. Shule hufunguliwa Septemba, na asipopata oda kabla ya hapo, cherehani zake mbili hukaa kimya. Dola 10 zenyewe alizitoa kwenye pesa ya kitambaa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchezea.

Tulianza na ramani, maana hapo ndipo pesa ndogo hupotea. Sare ya kushonwa inamtaka mteja aje mara mbili: mara ya kwanza mtoto apimwe, mara ya pili achukue nguo. Mtu anayekaa ng'ambo ya mji atalipa moto kwenda na kurudi mara mbili, na nauli hiyo inakula faida yote ya bei nafuu. Kwa hiyo mteja wa kweli ni yule anayeweza kutembea kwa miguu. Ukiandika tu “Kigali” kwenye sehemu ya mahali, umeuchukua mji mzima. Badala yake weka alama juu ya ramani, kisha upunguze duara. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho: duara la kilomita 5 kutoka katikati hadi ukingoni lina eneo la kilomita za mraba 78 na ushee, la kilomita 2 lina 12 na nusu tu. Yaani kwa pesa ile ile, duara la kwanza linatawanya tangazo kwenye eneo lililo kubwa zaidi ya mara sita. Tulichukua la kilomita 2.

Lakini Kigali ni mji wa vilima, na duara halijui kilima. Upande wa magharibi wa Nyamirambo kuna mlima Kigali, ambako hakuna mtu wa kumshonea sare. Alama ikikaa juu ya kibanda chenyewe, sehemu ya duara inafunika mlima, huku Biryogo yenye watu wengi ikiachwa ukingoni. Niliisogeza alama kidogo kuelekea Biryogo. Kibanda kilibaki ndani ya duara, si katikati, na hilo halina ubaya wowote. Anayeweka alama anatafuta nyumba za wateja. Mlango wa duka ataueleza kwenye maneno.

Jambo jingine ni kwamba Facebook inahesabu walio ndani ya duara kuwa ni wakazi pamoja na waliopita hapo karibuni. Siku ya mechi uwanjani, shabiki aliyetoka Remera naye ni “mtu wa Nyamirambo”. Kwenye ramani huwezi kumtoa. Nilichoweza ni kuepuka siku ya mechi, na kuyaachia maneno ya posti yamchuje.

Umri niliweka miaka 25 hadi 50, wanaume na wanawake pamoja, kwa kuwa mama huchagua fundi na baba mara nyingi ndiye anayetuma pesa. Mapendeleo, kama vile “mitindo” au “elimu”, sikugusa. Mtu hupenda kuyaongeza akidhani anapata watu sahihi zaidi, lakini hayo ni makisio ya mtandao kutokana na vitu ambavyo mtu amebofya, na kwenye duara dogo hivi yanapunguza watu bila kukuongezea wazazi. Wale wanaotangaza kanzu na mabaibui wajue pia kwamba Meta iliondoa uchaguzi wa watu kwa mambo ya dini tangu Januari 2022. Hata maneno yana mpaka: tangazo linaloanza na “Wewe Mwislamu wa Biryogo” linaweza kukataliwa, kwa sababu hairuhusiwi kumwambia msomaji kwamba unaijua dini yake. Taja kanzu na bei yake, anayeihitaji atajitambua.

Sasa maneno. Mama fundi alikuwa ameandika: “Karibuni wateja wetu wapendwa, tunatoa huduma bora za ushonaji kwa bei nafuu.” Ni adabu njema, ila msomaji kwenye simu huona mistari michache tu kabla ya posti kukatwa, na katika mistari hiyo hakuna mahali, kitu wala bei. Tukaibadilisha hivi:

“Sare za shule, Nyamirambo. Shati na sketi au kaptula: faranga 12,000, kitambaa ni chetu. Leta mtoto apimwe kabla ya Agosti 25, uchukue baada ya siku nne. Tuko jirani na uwanja wa Pelé. Tuandikie WhatsApp.”

Chini yake tukaweka maneno yale yale kwa Kinyarwanda. Mama fundi alisita kuhusu bei. “Mwanangu, nikiitaja, jirani atashusha yake,” aliniambia. Nilimjibu, “Mama, bei isipokuwepo, nusu ya ujumbe utakaopokea utauliza hiyo tu, nawe umeshalipia.” Neno “Nyamirambo” lilikaa mstari wa kwanza kwa makusudi, ili yule shabiki wa Remera aone mapema kwamba halimhusu na apite zake.

Lengo tulichagua ujumbe wa WhatsApp. Hili lina uzito, kwa sababu mtandao hutafuta ndani ya duara watu wanaoelekea kufanya kile ulichokiomba. Ukiomba kupendwa, utapata watu wepesi wa kubofya ambao hawana mtoto wa shule. Tuliweka dola 2 kwa siku, siku tano, posti moja, kundi moja la watu. Kugawa dola 10 kwa posti tatu ili kuzilinganisha ni kujidanganya: mtandao wenyewe unahitaji matokeo kama 50 kwa wiki ili utulie. Mwenye aifoni alipie kupitia kivinjari, maana malipo ya ndani ya programu huongezewa asilimia 30 ya Apple. Na posti iwekwe siku moja kabla, kwa kuwa ukaguzi waweza kuchukua saa 24.

Kila aliyeandika aliulizwa kwanza: “Unakaa sehemu gani?” Majibu tuliyaandika kwenye daftari. Ujumbe ulikuwa 17. Waliokaa Nyamirambo na Biryogo 12. Waliokuja kupimwa 7. Kila oda ikawa imegharimu dola moja na senti 40 hivi. Skrini ingetuonyesha 17 na kunyamaza.

Namba moja ya skrini ndiyo niliyoifuata kila jioni: mara ambazo tangazo limeonyeshwa, gawa kwa watu waliolifikiwa. Siku ya tatu ilikuwa 2 na kidogo, siku ya tano ikakaribia 4, na ujumbe ukapungua. Duara lilikuwa limeshaisha watu wake. Mama fundi alitaka kuongeza dola 5 papo hapo. Tukakubaliana azirudishe kwenye kitambaa, na tangazo lingine lingoje Desemba, kabla ya muhula wa pili.