SOMO: KUUZA HATI LEO NA KUINUNUA TENA JUMA LIJALO

Ndugu wafanyakazi, tuchukue msimu wa kahawa. Wakulima wa Muyinga wanadai fedha ya mavuno, na kiwanda cha kukoboa kahawa cha Gitega kina mishahara ya kulipa. Wote wanaikimbilia benki katika juma moja. Benki hiyo si maskini, ila fedha yake nyingi imelala katika hati za mkopo wa Serikali, na hati hizo zitalipwa baada ya miaka. Ifanye nini?

Inaiuzia benki nyingine hati hizo, na katika mkataba huohuo inaahidi kuzinunua tena siku fulani kwa bei iliyokwisha kupangwa. Mkataba huu huitwa repo. Tuseme hati zina thamani ya faranga milioni 1,000. Mnunuzi hatoi zote. Anakata 5 kwa mia ili ajikinge bei ya hati ikishuka, anatoa milioni 950. Baada ya siku 7, kwa riba ya 7.3 kwa mia kwa mwaka, benki yetu inarudisha faranga 951,330,000 na kuchukua hati zake. Hizo 1,330,000 ndizo riba. Kwa jina ni biashara ya kuuza na kununua. Kwa kweli ni mkopo wenye dhamana.

Kwa nini basi waite mauzo? Kwa sababu mwenye rehani ya kawaida huenda akangoja mahakama, lakini mnunuzi wa repo tayari anazo hati mkononi. Asipolipwa, anaziuza kesho yake. Ndiyo maana hukubali riba ndogo.

Hatari iko kwa yule anayekopa hivi kila siku, akilipa mkopo wa jana kwa mkopo wa leo. Wafanyabiashara wa hati huishi hivyo: hununua hati nyingi, wakaziweka hizohizo repo ili kupata fedha ya kuzilipia. Bear Stearns ya New York ilikuwa mojawapo. Tarehe 10 Machi 2008 ilikuwa na akiba ya dola bilioni 18 hivi. Jioni ya tarehe 13 zilibaki bilioni 2 tu. Hati ilikuwa nazo, lakini wakopeshaji walikataa kuendelea, hata kwa dhamana. Tarehe 16 ikakubali kuuzwa kwa JPMorgan kwa dola 2 kila hisa, bei iliyopandishwa baadaye ikafika dola 10.

Wakopeshaji wakianza kuogopa, kabla ya kukataa kabisa hufupisha siku na kuongeza makato. Katika mfano wetu, makato yakitoka 5 hadi 20 kwa mia, hati zilezile zitaleta milioni 800 tu, na milioni 150 zitakuwa zimepungua kwa siku moja, huku mishahara ya Gitega ikiwa ileile.