Barua ya Mkopo wa Vyerehani: Rejesho Lipimwe kwa Mwezi Mgumu

Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hugawanywa hivi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fundi cherehani anayeihitaji kwa kawaida huomba pamoja na wenzake katika kikundi. Tuitazame barua ya mfano ya wanawake watano wa Buswelu.

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela.
Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata ya Buswelu.

YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SH. 1,800,000

Husika na somo hapo juu. Sisi ni mafundi watano tunaoshona sare za shule kwa vitambaa vinavyoletwa na wazazi. Tuna cherehani kimoja tu, nacho hutulazimu kupokezana. Tunaomba fedha za kununua vyerehani vinne kwa sh. 300,000 kila kimoja, na ovaloki moja kwa sh. 600,000.

Ufundi wa nguo moja ni sh. 5,000, uzi na vifungo ni sh. 1,000. Mwezi mgumu tunatarajia nguo 150, yaani sh. 600,000 baada ya gharama hizo. Tukitoa sh. 100,000 za kodi, umeme na matengenezo, zinabaki sh. 500,000.

Tukipokea mkopo Februari, tutarejesha kuanzia Machi: sh. 100,000 kwa miezi minane ya kawaida, na sh. 250,000 kwa Juni, Julai, Desemba na Januari. Jumla ni sh. 1,800,000 kwa miezi 12.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenyekiti, Katibu na Mhazini wa Kikundi.

Nguvu ya barua hii imo katika ratiba yake. Shule hufunguliwa Januari na Julai, hivyo kazi ya sare hujaa nyakati hizo na kupungua baadaye. Rejesho la sh. 150,000 kila mwezi lingefikia jumla ileile, lakini katika mwezi mgumu kila fundi angebaki na sh. 70,000 badala ya 80,000. Pengo hilo ndilo humfanya mtu achote fedha za rejesho kununulia unga.

Kosa la kawaida ni kuandika nguo za Januari kana kwamba zitapatikana mwaka mzima. Dawa yake ni daftari: hesabuni nguo zilizoshonwa kila mwezi, kisha chukueni mwezi wenye nguo chache kuliko yote. Ikiwa rejesho halitoshei humo, punguzeni idadi ya vyerehani kabla ya kuomba.

Kumbukeni pia kwamba ratiba ya barua ni pendekezo; inayowafunga ni ile ya mkataba. Isomeni na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kutia saini.