Dawa ya Kutuliza Inapozua Fadhaa

Mtoto wa miaka 4, mwenye uzito wa kilo 16, aliletwa kushonwa jeraha la paji la uso. Alinyweshwa midazolamu miligramu 8, yaani nusu miligramu kwa kila kilo, kipimo cha kawaida kabisa. Tulitarajia kuwa baada ya dakika 20 hivi angelegea. Badala yake alipiga mayowe, akarusha miguu na kumsukuma mama yake kana kwamba hamjui. Muuguzi akauliza, "Daktari, tumwongeze kidogo?"

Swali hilo ni la haki, kwani mtoto aliyepata dawa pungufu naye hulia. Lakini huyo huendelea na hofu ileile aliyokuja nayo, na mama akimbembeleza humsikia. Mtoto wetu alikuwa ametulia kabla ya dawa. Fadhaa ilizuka baadaye, na hakuna sauti iliyomfikia. Hiyo ndiyo athari kinzani. Midazolamu hulegeza ubongo wote, ikiwemo sehemu ya mbele inayozuia misukumo yetu. Kizuizi hicho, ambacho kwa mtoto hakijakomaa, kikilegea kabla usingizi haujaja, hubaki msukumo usio na breki.

Kabla ya kukubali jina hilo, tulipima oksijeni, kwa maana mgonjwa anayekosa hewa naye hupapatika, na kumwongezea dawa huweza kumuua. Ilikuwa asilimia 98. Hatukuongeza dawa. Tulipopata mshipa tulimpa flumazenili, mikrogramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 0.16, taratibu. Baada ya dakika chache alimtambua mama yake. Jeraha lilishonwa kwa ganzi peke yake.

Flumazenili huisha nguvu mapema kuliko midazolamu, hivyo usingizi huweza kurudi. Tulimchunga saa 2 zaidi. Pia haifai kwa mtoto anayetumia dawa za jamii hiyo kudhibiti kifafa, kwa kuwa huweza kuamsha degedege.

Kwa wazee hali hii huja kwa sura nyingine, na aghalabu usiku. Bibi wa miaka 78 anapewa diazepamu miligramu 5 ili alale. Usiku wa manane anachomoa dripu na kutaka kwenda shambani. Hapa mimi huwa mzito zaidi kuilaumu dawa peke yake: kibofu kilichojaa, maumivu, sukari iliyoshuka au maambukizi huweza kuleta picha hiyohiyo, na dawa huizidisha tu. Vichunguzwe kwanza. Diazepamu hukaa mwilini mwa mzee kwa siku kadhaa, kwa hiyo dozi ya usiku unaofuata huangukia juu ya ile ya jana. Isimamishwe, taa iwashwe, na ndugu anayemfahamu akae kando yake.

Jina la dawa, kipimo na kilichotokea viandikwe kwenye jalada na kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, maana daktari wa ganzi atakayempokea siku nyingine hatakuwapo mtu wa kumsimulia.