Minofu ya Mbuta ya Kukaanga: Ganda Kavu Lisilonyonya Mafuta

Mnofu wa mbuta ni mweupe na huiva haraka. Hata hivyo, ukivikwa unga na kukaangwa, mara nyingi hutoka ukiwa umelowa mafuta. Kosa kwa kawaida si la unga bali ni la joto la mafuta.

Ganda hutokeaje?

Mnofu wenye rojo la unga ukiingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 za Selsiasi, maji ya rojo hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hutoka kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasiingie, huku rojo likikauka. Mafuta yasiposhika moto vizuri, mvuke huwa dhaifu, ganda hukawia kukauka na mafuta hupenya. Yakianza kutoa moshi, ganda huungua kabla ya ndani kuiva.

Mfano: nusu kilo ya minofu

Mpishi hukata vipande 6 vyenye unene wa sentimita 2, huvipangusa maji, kisha huvinyunyizia unga mkavu ili rojo lishike. Rojo ni kikombe 1 cha unga wa ngano, kijiko kidogo 1 cha poda ya kuokea keki, chumvi kidogo, na takriban robo tatu ya kikombe cha maji baridi sana. Hukorogwa kidogo tu, hata likibaki na madonge madogo, kwa sababu likikorogwa sana ganda huwa gumu kutafuna.

Mafuta hutiwa kwenye sufuria nzito, yasizidi nusu yake. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la rojo. Likizama kidogo, likaibuka mara moja na mapovu, kisha likageuka rangi ya dhahabu kwa muda wa dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Likikaa chini, bado. Likiwa jeusi upesi, moto upunguzwe.

Vipande hukaangwa viwili viwili, kwani vyote 6 vikiingia pamoja mafuta hupoa ghafla. Kila awamu huchukua dakika 4 hivi, na vipande hugeuzwa mara moja. Mapovu yakipungua na ganda likiwa la dhahabu, kipande kinene zaidi hufunguliwa katikati. Nyama iliyoiva ni nyeupe kabisa na hugawanyika kwa tabaka. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, irudishwe kidogo. Ikizidishwa, hukauka.

Samaki huchujwa juu ya wavu. Akirundikwa kwenye bakuli lililofunikwa, mvuke wake hulainisha ganda tena.

Tahadhari: Mafuta yakishika moto, jiko lizimwe na sufuria ifunikwe kwa kifuniko cha chuma. Kamwe maji yasimwagwe juu yake, kwani huyarusha mafuta yanayowaka.