Damu Imeongezwa, Mtoto Amefifia Tena
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Arua na Koboko

Ukipasua mfupa wa paja la mbuzi utakuta ndani nyama laini yenye mafuta. Huo ni uboho. Uboho wa binadamu, hasa wa nyonga, uti wa mgongo na kifua, ndio unaotengeneza damu. Unatoa chembe nyekundu zinazobeba hewa, ambazo huishi siku 120 hivi. Unatoa chembe sahani zinazogandisha damu, ambazo huishi siku 7 hadi 10. Unatoa pia chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, na nyingi kati ya hizo hufa baada ya siku chache tu.

Lukemia, yaani saratani ya damu, huanza pale chembe moja changa ya uboho inapoharibika na kuzaa nyingine mbovu kama yenyewe. Hizo hazifi kwa wakati wake. Hukalia nafasi za chembe nzima na kuzizuia zisizae. Lukemia haiambukizwi kwa kula wala kulala pamoja.

Lukemia kali

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 6 wa Koboko. Alipata homa, kipimo kikaonyesha malaria, akatibiwa, akaongezewa damu na kuchangamka. Wiki tatu baadaye amefifia tena. Safari hii kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, lakini homa haishuki. Ufizi unatoka damu, miguu ina vidoa vyekundu visivyofifia ukivibonyeza, naye analia mifupa inamuuma, hataki kutembea.

Malaria ikitibiwa, uboho huamka na kutengeneza damu yake. Kwa mtoto huyu haukuamka, kwa sababu umejaa chembe nyeupe changa zisizokomaa na zisizofanya kazi yoyote. Chembe sahani zilizokuwepo zilikwisha ndani ya siku chache bila kupata za kuzirithi, ndiyo maana anavuja damu. Chembe nyeupe nzima nazo zimekwisha, kwa hiyo homa inamrudia. Damu ya kuongezewa ilimsaidia kwa muda wake, kisha nayo ikaisha.

Tuseme majibu ya maabara yanaonyesha hemoglobini gramu 5, chembe sahani 14,000 badala ya 150,000 au zaidi, na chembe nyeupe 62,000, wakati kawaida ni 4,000 hadi 11,000 hivi. Msihukumu kwa hesabu hiyo ya mwisho peke yake. Maambukizi makali nayo hupandisha chembe nyeupe, na wagonjwa wengine wa lukemia kali wana chembe nyeupe chache. Damu lazima iangaliwe kwa darubini, kisha uboho uvutwe kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga.

Ugonjwa huu huenda kwa wiki, si kwa miaka. Mtoto wa namna hii apelekwe mara moja hospitali ya rufaa ya Arua, na kutoka huko Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Njiani asipewe aspirini wala diklofenaki, maana huzidisha kuvuja damu, na asichomwe sindano ya msuli bila agizo la daktari anayejua hali yake. Zaidi ya yote, msinunue prednisoloni dukani kumshushia homa. Dawa hiyo huua sehemu ya chembe mbovu, mtoto huonekana amepona kwa muda, na daktari akija kupima ugonjwa unakuwa umejificha.

Lukemia sugu

Sasa mfikirie mama wa miaka 45 anayeuza nguo sokoni Arua. Amekonda, anatoka jasho usiku, akila kidogo tumbo linajaa. Upande wa kushoto chini ya mbavu kuna kitu kigumu: ni bandama. Kwetu malaria ya kurudiarudia huvimbisha bandama, na kichocho cha pembezoni mwa Nile pia, hivyo ni rahisi kumwambia ni mambo ya kawaida na kumpa dawa za malaria mwaka mzima.

Damu yake ikipimwa, chembe nyeupe zimefika 180,000, lakini chembe sahani ni 500,000 na hemoglobini gramu 10. Hapa chembe mbovu zinakomaa na bado zinafanya kazi kiasi, kwa hiyo uboho wake haujazimika. Ndiyo maana anaendelea kwenda sokoni.

Aina yake, ya mieloidi, ina dawa ya kumeza kila siku, imatinibu, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Mulago imewapa wagonjwa wengi bure kupitia mpango wa msaada. Bandama hupungua ndani ya miezi, na hapo wengine huacha dawa kwa kuona wamepona, au kwa sababu nauli ya karibu kilomita 500 hadi Kampala imewashinda. Chembe mbovu hurudi. Zikiachwa, siku moja huacha kukomaa, na mama huyu hufika hali ileile ya mtoto wa Koboko, sasa ikiwa ngumu zaidi kutibika. Nauli ikikosekana, apige simu kliniki kabla vidonge havijaisha, aulize kama vinaweza kutumwa au kupewa vya miezi mingi kwa mara moja.